Kununua, kugawa au kupunguza kodi: njia ipi ya kutumia bilioni 100 huinua zaidi pato la taifa?

Uchumi unapodorora, serikali inayotaka kuuinua kwa bajeti yake huwa na njia kuu tatu. Inaweza kununua yenyewe, kwa mfano kwa kujenga barabara au kukarabati madarasa. Inaweza kugawa fedha taslimu kwa kaya. Au inaweza kupunguza kodi ili watu wabaki na sehemu kubwa zaidi ya kipato chao. Katika vitabu vya bajeti njia hizi huonekana sawa, kwa kuwa bilioni 100 zilizotumika na bilioni 100 za kodi ambayo haikukusanywa huongeza nakisi kwa kiasi kilekile. Katika pato la taifa haziko sawa hata kidogo: ndani ya nchi ileile na mwaka uleule, njia moja inaweza kuongeza pato kwa bilioni 167 na nyingine kwa bilioni 50 tu. Ulinganisho huu unaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, na mambo ya kukagua kabla ya kukubali kwamba njia fulani ndiyo bora.

Kinachopimwa hapa huitwa kizidishi, yaani uwiano kati ya ongezeko la pato la taifa na kiasi ambacho serikali imetoa. Kizidishi cha 1.5 maana yake kila 100 iliyotolewa imeongeza pato kwa 150. Hesabu yake iliwekwa wazi na Richard Kahn mwaka 1931, alipotaka kujua ajira ngapi zaidi huzaliwa baada ya zile za kwanza kwenye miradi ya umma, na John Maynard Keynes akaiingiza katika nadharia yake ya pato la taifa mwaka 1936.

Namna 100 inavyogeuka 167

Tuseme mkandarasi wa barabara ya serikali ananunua kokoto, na mvunja kokoto aliyekaa miezi kadhaa bila kazi analipwa 100. Hiyo 100 tayari ni pato jipya la taifa, kwa sababu kokoto ambazo zisingekuwepo sasa zipo. Kati ya fedha hizo, 20 zinakwenda serikalini kama kodi, ikiwemo ile iliyomo ndani ya bei za bidhaa. Nyingine 20 anaziweka akiba au anapunguzia deni. Zinazobaki ni 60, na katika hizo 20 zinanunua vitu vilivyotengenezwa nje ya nchi. Hivyo ni 40 tu zinazomfikia mzalishaji mwingine wa ndani, tuseme fundi aliyemshonea mwanawe viatu.

Kwa fundi viatu, 40 hiyo ni pato jipya kwa sababu ileile: jozi ya viatu imetengenezwa ambayo isingetengenezwa. Naye akigawa kipato chake kwa uwiano huohuo, 8 ni kodi, 8 ni akiba, 8 zinakwenda nje, na 16 zinamfikia mtu wa tatu. Baada ya hapo inafuata 6.4, kisha 2.56, na kila mzunguko ni mdogo kuliko uliotangulia. Ukijumlisha 100, 40, 16, 6.4 na 2.56 unapata karibu 165, na mizunguko midogo inayobaki inakufikisha 166.7. Kwa kanuni huandikwa hivi, `b` ikiwa ni sehemu ya kila kipato kipya inayorudi kwa wazalishaji wa ndani:

```
k = 1 / (1 - b)
k = 1 / (1 - 0.4) = 1.67
```

Mara nyingi watu huuliza hiyo 67 ya ziada imetoka wapi, kana kwamba fedha zimezaliana zenyewe. Jibu ni kwamba kilichoongezeka ni kazi iliyofanyika na vitu vilivyotengenezwa, kwa mikono na mashine zilizokuwa zimelala. Fedha zenyewe hazikuzidi, bali zilipita kwa watu kadhaa kabla ya kutoka kwenye mzunguko. Hilo linathibitika kwa kuhesabu mivujo. Katika mfano wetu, kila moja ya mivujo mitatu, yaani kodi, akiba na uagizaji, huchukua 20 kwa kila 100 ya pato. Asilimia 20 ya 166.7 ni 33.3, na 33.3 mara tatu ni 100. Mizunguko hukoma pale ambapo jumla ya kilichovuja inalingana na kile serikali ilichoingiza. Ndiyo maana nchi yenye mivujo mikubwa huwa na kizidishi kidogo, hata serikali yake itumie kwa bidii namna gani.

Kuanzia mzunguko wa pili, njia zote tatu hufanana, kwa sababu fedha huwa zimeshasambaa kwa watu wa kawaida wenye tabia za kawaida za matumizi. Tofauti kubwa imo katika mzunguko wa kwanza: katika bilioni 100 zilizotoka, ni ngapi zilizonunua kitu kilichozalishwa ndani? Ukiipata namba hiyo, izidishe kwa 1.67.

Serikali inaponunua yenyewe

Kwa nadharia tupu, ununuzi wa serikali ndio wenye nguvu kuliko njia nyingine. Serikali haiweki akiba sehemu ya fedha hizo. Inazitumia zote, na matumizi yenyewe yanaingia kwenye pato la taifa moja kwa moja. Kama vyote vilivyonunuliwa vimezalishwa ndani, bilioni 100 zinaleta bilioni 167. Hapo ndipo vitabu vingi vya kufundishia huishia.

Lakini miradi haiko hivyo. Barabara mpya inahitaji greda, lami, nondo, mafuta ya mitambo, na wakati mwingine wahandisi kutoka nje. Tuseme 45 kati ya kila 100 zinalipwa kwa wauzaji wa nje. Fedha hizo zimeongeza pato la taifa lingine, si hili, na zinazobaki kuzalisha ndani ni 55. Zidisha 55 kwa 1.67 na utapata 92. Serikali imetoa bilioni 100, na pato limeongezeka kwa chini ya hizo. Barabara inaweza bado kuwa na faida kubwa kwa miaka mingi ijayo, lakini kama sababu iliyotolewa ya kuijenga ilikuwa kuinua pato mwaka huu, sababu hiyo imepungua uzito.

Sasa linganisha na ukarabati: kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kupaka rangi madarasa, kutengeneza paa. Kazi hizi hutumia mikono mingi na vifaa vichache kutoka nje. Kama 15 tu kati ya 100 zinakwenda nje, zinazobaki ni 85, na ongezeko la pato ni 142. Wizara ileile, fedha zilezile, na tofauti ya 50 imetokana na aina ya kazi iliyochaguliwa. Kwa sababu hiyo, mtu akiniletea makadirio ya mradi na kuniambia utachochea uchumi, ukurasa ninaoufungua kwanza ni ule wa mchanganuo wa gharama za vifaa, kabla ya kusoma maelezo ya manufaa. Huko ndiko kizidishi kilikoandikwa, ingawa neno lenyewe halionekani popote.

Serikali inapogawa fedha kwa kaya

Uhawilishaji wa fedha una udhaifu mmoja unaoonekana haraka: kumpa mtu fedha si uzalishaji. Siku kaya inapopokea 100, pato la taifa halijabadilika. Linabadilika kaya inapotumia, na sehemu isiyotumika haifanyi kitu kwa sasa. Kwa hiyo, tofauti na ununuzi, njia hii hupungukiwa kabla hata ya mzunguko wa kwanza.

Upungufu huo unategemea nani amepewa. Kaya yenye kipato kidogo, ambayo mwezi huisha ikiwa na mahitaji ambayo haijayalipia, itatumia karibu fedha zote. Tuseme inatumia 95. Kaya za namna hii hununua zaidi chakula, huduma na vitu vya karibu, kwa hiyo tuseme 15 tu ndizo zinazokwenda kwenye bidhaa za nje. Zinazobaki ndani ni 80, na 80 mara 1.67 ni 133. Matokeo haya yanaizidi kwa mbali ile barabara iliyojaa vifaa vya kigeni, ingawa yanapitwa kidogo na ukarabati.

Fedha hizohizo zikigawiwa kaya zote bila kubagua, sehemu yake itaangukia watu ambao tayari wana akiba, nao wataiongeza kwenye akiba hiyo. Wengine watalipa madeni. Kulipa deni si jambo baya, na kwa kaya husika huenda ndilo jambo la busara kuliko yote, lakini kwa hesabu ya kizidishi ni sawa na akiba, kwa kuwa hakuna kitu kipya kilichozalishwa.

Serikali inapopunguza kodi

Punguzo la kodi linafanana na mgao wa fedha kwa kuwa nalo hupitia mfuko wa mtu kabla ya kufika sokoni. Tofauti ni kwamba kwa kawaida huwafikia zaidi wale wanaolipa kodi nyingi, na hao ndio wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuweka akiba. Asiye na ajira hana kodi ya mshahara ya kupunguziwa.

Kwa mfanyakazi wa kipato cha kati katika nchi yetu ya mfano, 100 ya ziada mkononi itatumika 75, na theluthi moja ya matumizi hayo, yaani 25, itakwenda nje. Zinabaki 50, na ongezeko la pato ni 83. Kwa mwenye kipato kikubwa tuseme atatumia 50 tu, na 20 kati ya hizo zitanunua bidhaa za nje. Zinabaki 30, na pato linaongezeka kwa 50. Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio unaojitokeza mara kwa mara watu wanapopima hali halisi.

Kipimo kimoja kizuri kilipatikana Marekani mwaka 2001, serikali iliporudisha sehemu ya kodi kwa hundi za hadi dola 300 kwa mtu mmoja na dola 600 kwa wanandoa. Hundi hazikuweza kutumwa zote siku moja, kwa hiyo zilipangwa kwa kufuata tarakimu mbili za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mlipakodi. Tarakimu hizo hazina uhusiano wowote na utajiri wala tabia ya mtu, hivyo watafiti waliweza kulinganisha matumizi ya waliopata hundi mapema na ya waliokuwa bado wanasubiri. Walikuta kwamba kaya zilitumia kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha hizo kwa bidhaa zisizodumu ndani ya kipindi cha miezi mitatu walichopokea hundi, na kwamba walioongeza matumizi zaidi ni wale wenye kipato kidogo au akiba ndogo.

Namba zikiwekwa pamoja

| Bilioni 100 zikitumika kwa | Zinazonunua bidhaa na kazi za ndani mzunguko wa kwanza | Ongezeko la pato |
|---|---|---|
| Ununuzi usio na uagizaji | 100 | 167 |
| Ukarabati wenye vifaa vichache vya nje | 85 | 142 |
| Fedha kwa kaya zenye kipato kidogo | 80 | 133 |
| Barabara mpya yenye vifaa vingi vya nje | 55 | 92 |
| Punguzo la kodi kwa kipato cha kati | 50 | 83 |
| Punguzo la kodi kwa kipato kikubwa | 30 | 50 |

Makadirio ya nchi halisi hufuata mpangilio unaokaribiana na huu, ila kwa upana mkubwa zaidi. Februari 2009 Marekani ilipitisha mpango wa kuchochea uchumi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 787, ukiwa na njia zote tatu ndani yake. Katika ripoti zake za baadaye kuhusu mpango huo, Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilitumia kizidishi cha kati ya 0.5 na 2.5 kwa ununuzi wa serikali kuu, kati ya 0.4 na 2.1 kwa fedha zilizolipwa watu binafsi, kati ya 0.3 na 1.5 kwa punguzo la kodi la miaka miwili kwa watu wa kipato kidogo na cha kati, na kati ya 0.1 na 0.6 kwa punguzo la mwaka mmoja kwa wenye kipato kikubwa.

Upana huo haupaswi kumkatisha mtu tamaa. Ununuzi uleule unaweza kuwa na kizidishi cha 0.5 au cha 2.5 kwa sababu nguvu yake inategemea hali ya uchumi unaopokea fedha hizo, na hali hiyo ndiyo ulinganisho wa pili, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko ule wa kwanza.

Uchumi wenye nafasi na uchumi uliojaa

Turudi kwenye machimbo ya kokoto. Hesabu yote ya 167 ilisimama juu ya jambo moja: mvunja kokoto hakuwa na kazi. Tuseme sasa machimbo yanafanya kazi usiku na mchana na oda zimejaa hadi miezi mitatu mbele. Serikali inakuja na fedha zake, inatoa bei ya juu na inapata kokoto. Je, kokoto za nchi zimeongezeka? Hazijaongezeka. Mjenzi wa nyumba aliyekuwa kwenye foleni amezikosa, na nyumba yake imeahirishwa. Kilichopanda ni bei. Pato halisi limebaki pale lilipokuwa, na kizidishi kinakaribia sifuri hata kama kila senti imelipwa kwa mzalishaji wa ndani.

Hali hizi mbili zinaweza kutambuliwa bila kusubiri takwimu za mwaka. Katika uchumi wenye nafasi, mkandarasi anayetangaza kazi hupata waombaji wengi kwa ujira wa jana, wauzaji wa vifaa huleta mzigo ndani ya siku chache, na zabuni huvutia washindani wengi ambao bei zao ziko chini ya makadirio. Katika uchumi uliojaa, zabuni hurudi zikiwa na bei za juu kuliko makadirio, muda wa kusubiri vifaa hurefuka, na wafanyakazi wanaopatikana ni wale wanaovutwa kutoka kazi nyingine kwa mshahara mkubwa zaidi. Zaidi ya hayo, nafasi hupatikana kwa sekta: nchi inaweza kuwa na maelfu ya vibarua wasio na kazi na wakati huohuo ikawa na upungufu wa mafundi wa umeme, na mradi unaowahitaji mafundi hao utapandisha malipo yao huku vibarua wakibaki kukaa.

Jirani wa jambo hili ni mwitikio wa benki kuu. Ikiona matumizi ya serikali yanasukuma bei juu, itapandisha riba. Mikopo itakuwa ghali, na wawekezaji binafsi watapunguza kile ambacho serikali imeongeza. Uchumi unapokuwa umezama, benki kuu huwa haina sababu ya kufanya hivyo, na ndiyo maana vizidishi vikubwa hupatikana wakati wa mdororo. Mfumo wa kubadilisha fedha nao una nafasi yake. Thamani ya sarafu ikiachwa ipande na kushuka yenyewe, riba inayopanda huvuta mitaji kutoka nje, sarafu hupanda thamani, na wauzaji wa bidhaa nje hupoteza wateja. Kiwango cha kubadilisha fedha kikiwa kimefungwa, benki kuu hulazimika kuongeza fedha kwenye mzunguko ili kukilinda, na hivyo huisaidia bajeti badala ya kuipinga. Utafiti wa nchi 44 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta tofauti hiyo wazi: kizidishi kilikuwa kikubwa katika nchi zenye viwango vilivyofungwa na kilikaribia sifuri katika nchi zilizoviachia. Pia kilikuwa kidogo katika nchi zinazofanya biashara kubwa ya nje, na katika nchi zenye madeni makubwa kilikuwa sifuri au hata chini yake.

Kukosea kuitambua hali kuna gharama kubwa, na kosa linaweza kwenda upande wowote. Baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, nchi nyingi za Ulaya zilipunguza matumizi na kupandisha kodi wakati uchumi wao ulikuwa bado umelala na riba tayari zilikuwa chini kabisa. Watabiri, wakiwemo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, walikuwa wakifanya makadirio yao kana kwamba kizidishi ni karibu 0.5. Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa shirika hilo, na mwenzake Daniel Leigh walionyesha katika uchambuzi wa 2012 na 2013 kwamba kizidishi halisi katika miaka ya mwanzo ya mgogoro kilizidi 1. Kila mahali palipobanwa zaidi, pato lilianguka zaidi ya utabiri. Hesabu ileile inayopandisha 100 hadi 167 hufanya kazi kinyumenyume: mvunja kokoto akiachishwa kazi, fundi viatu naye hukosa mteja.

Fedha zinatoka wapi, na zinarudi kiasi gani

Hadi hapa tumechukulia kwamba bilioni 100 zimekopwa. Zikikusanywa kwa kodi mpya, lazima utoe kile ambacho kodi hiyo inapunguza. Katika mfano wetu, kuwatoza watu wa kipato cha kati bilioni 100 kunapunguza pato kwa 83, kwa hiyo ununuzi wa ndani wenye ongezeko la 167 unabakiwa na ongezeko halisi la 84. Zikitozwa wenye kipato kikubwa, kinachopungua ni 50, na ongezeko linalobaki ni 117. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba bajeti iliyosawazishwa kabisa, isiyoongeza nakisi hata kidogo, bado inaweza kupandisha pato, kwa sababu serikali hutumia fedha zote ilizotoza ilhali mlipakodi angeweka sehemu yake akiba. Mchumi wa Norwe Trygve Haavelmo alilithibitisha hilo mwaka 1945. Katika modeli yake rahisi, kizidishi cha bajeti ya namna hiyo ni 1 kamili.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana katika mijadala ya bajeti. Kusema matumizi yanaongeza pato kuliko gharama yake si kusema yanajilipia. Pato likiongezeka kwa 167 na kodi ikichukua asilimia 20, serikali inarudishiwa 33. Deni linalobaki ni 67. Ili matumizi yajilipie yote kwa kiwango hicho cha kodi, kizidishi kingepaswa kuwa 5, na hakuna makadirio yoyote niliyoyataja hapa yanayofika huko. Wanaonufaika na ongezeko ni wananchi waliopata kazi na kipato. Hazina yenyewe inapata sehemu tu. Mtetezi wa mradi akiahidi kwamba utajilipia kwa kodi peke yake, mwombe akuonyeshe kizidishi alichotumia.

Fedha zitafika lini

Kwa upande wa muda, mpangilio wa jedwali karibu ugeuke. Kama kaya zimeshasajiliwa na njia ya malipo ipo, fedha taslimu hufika ndani ya wiki chache. Punguzo la kodi ya mshahara huonekana kwenye malipo ya mwezi unaofuata. Barabara mpya inahitaji usanifu, fidia ya ardhi, zabuni, kipindi cha rufaa za waliokosa zabuni, na ndipo mitambo ianze kusogea. Mradi wa bilioni 100 unaweza kwa urahisi kutumia 10 mwaka wa kwanza, 40 wa pili na 50 wa tatu. Kama mdororo ulikuwa wa mwaka mmoja, 90 kati ya bilioni hizo 100 zinakuja wakati machimbo yamejaa oda, na fedha iliyopangwa kuamsha uzalishaji inaishia kupandisha bei.

Kuchagua

Mdororo ukiwa wa ghafla na haujulikani utadumu kwa muda gani, ningeanza na fedha kwa kaya zenye kipato kidogo, nikifuatisha ukarabati ambao michoro yake tayari ipo. Ongezeko la 133 linalofika mwezi ujao lina thamani kuliko 167 linalofika baada ya miaka miwili. Kama daftari la kaya halipo, ukarabati unaolipa ujira kwa siku ndio mbadala wa karibu, kwa sababu wanaojitokeza kufanya kazi ya sulubu kwa ujira mdogo huwa ndio hasa wasio na kipato kingine.

Mdororo ukiwa mrefu, riba zikiwa chini na mafundi wengi wakiwa hawana kazi, miradi mikubwa inapata nafasi yake, mradi sehemu ya vifaa vya nje ijulikane mapema. Hapo mtu asitafute mradi wenye kizidishi kikubwa peke yake: barabara yenye 92 inayounganisha wazalishaji na soko kwa miaka 30 inaweza kuwa bora kuliko rangi mpya ya madarasa yenye 142. Inachopaswa ni kuamuliwa kwa faida hiyo ya miaka 30.

Punguzo la kodi ningelichagua pale tu ambapo linawafikia wanaoishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi, au pale ambapo serikali haina njia nyingine ya haraka ya kuwafikia watu. Na uchumi ukiwa umejaa, zabuni zikirudi juu ya makadirio na vifaa vikisubiriwa kwa miezi, hakuna safu yoyote ya jedwali lile inayofaa kutumika kama hoja. Mradi utakaopitishwa wakati huo upimwe kwa kile utakachowafanyia watumiaji wake, na gharama yake ihesabiwe pamoja na nyumba ambazo hazitajengwa kwa kukosa kokoto.